Maji ya Nairobi Hayafiki Mia

Katika mtihani wa vitendo wa wahudumu wa chakula kuna meza moja isiyonukia kitu. Wenzake wanakaanga na kukata vitunguu upande wa pili wa jiko la mafunzo, lakini mtahiniwa aliyefika hapa anakuta bilauri kubwa, ndoo ya barafu, jagi la maji, sufuria inayotokota juu ya gesi na kipimajoto kimoja chenye sindano ndefu. Anatakiwa aonyeshe kwamba kipimajoto hicho kinasema kweli. Kama hakisemi kweli, akirekebishe, kisha aandike kwenye fomu alichokiona. Mkaguzi amesimama pembeni, hasemi neno.

Kwa wengi wanaofanya kazi za jikoni Kenya na Tanzania, neno "kupimwa" huleta picha nyingine: foleni ya zahanati, kikopo cha choo, na cheti cha afya kinachogongwa muhuri kila baada ya miezi kadhaa. Huko anapimwa mpishi. Kwenye meza hii kinachopimwa ni chombo, na mpishi ndiye daktari wake. Namna mtihani unavyoendeshwa hutofautiana kati ya chuo na chuo, na kati ya nchi na nchi, lakini njia zenyewe ni mbili na ni zilezile kila mahali. Moja ni ya barafu inayoyeyuka, nyingine ni ya maji yanayochemka.

Sababu ya kuwa na njia mbili rahisi namna hii ni kwamba jikoni hakuna maabara. Kipimajoto cha kuchomeka, kile ambacho sindano yake huingizwa katikati ya paja la kuku au katikati ya sufuria ya wali, hupata misukosuko mingi. Kinaanguka sakafuni, kinatupwa kwenye droo pamoja na miiko na visu, kinatolewa kwenye mchuzi wa moto na kuchomekwa kwenye samaki wa friza. Kile cha mshale, ambacho bado kiko katika majiko mengi kwa sababu ni cha bei nafuu na hakihitaji betri, kina utepe uliosokotwa ndani ya sindano. Utepe huo ni wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Zikipata joto, moja hutanuka zaidi ya mwenzake, utepe unajikunja, na mshale unazunguka. Pigo moja kwenye ukingo wa meza linatosha kuusogeza mshale nyuzi mbili au tatu, na hakuna anayeweza kuona tofauti hiyo kwa macho.

Kipimo cha kufaulu ni kigumu kuliko wanavyodhani wanaoanza. Kanuni ya Chakula ya Marekani, inayotolewa na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, inataka kipimajoto cha chakula kinachosomwa kwa Selsiasi kisipotoke zaidi ya uzi mmoja, juu au chini. Viwango vya Australia na Nyuzilandi vinasema vivyo hivyo. Waingereza wanawaambia wenye mikahawa kwamba katika maji ya barafu kipimajoto kisome kati ya nyuzi 1 chini ya sifuri na nyuzi 1 juu yake, na katika maji yanayochemka kisome kati ya 99 na 101. Kumbuka hizo namba mbili za mwisho. Zimeandikwa kwa ajili ya nchi ambayo karibu majiko yake yote yako jirani na usawa wa bahari, na vitabu vya mafunzo vimezisafirisha hadi sehemu ambazo hazifai.

Tuanze na barafu, maana ndiyo inayoonekana rahisi na ndipo wengi wanapoharibu.

Mtahiniwa mwenye haraka hufanya hivi: anajaza bilauri maji ya bomba, anatumbukiza vipande vinne vitano vya barafu, anachomeka kipimajoto na kusubiri. Kinasoma 3. Anakata shauri kwamba kipimajoto kimepotoka kwa nyuzi 3, anachukua spana na kukizungusha hadi mshale ukae kwenye sifuri. Mkaguzi anaandika kitu kwenye karatasi yake. Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa. Kilichokuwa na kasoro ni maji.

Barafu na maji hukaa pamoja kwenye nyuzi sifuri kwa sababu joto lolote linaloingia hutumika kwanza kuyeyusha barafu, si kupandisha joto la maji. Hilo ni kweli pale tu barafu imeenea kila mahali ndani ya chombo. Vipande vichache vinaelea juu, na maji ya chini yanabaki peke yake. Isitoshe, maji yana tabia ya ajabu: uzito wake kwa ujazo huwa mkubwa kabisa yakiwa kwenye nyuzi 4 hivi, si kwenye sifuri. Kwa hiyo maji ya nyuzi 4 huzama na kutulia kitakoni, huku ya sifuri yakibaki juu karibu na barafu. Ncha ya sindano iliyoshushwa chini inapima maji hayo ya kitakoni, na inapima sawasawa.

Njia iliyo sahihi huanzia kwenye barafu yenyewe. Inapondwa, kwa mashine ikiwapo, au ikiwa ndani ya taulo safi kwa kuipiga na mchi. Bilauri inajazwa barafu iliyopondwa mpaka juu, kisha ndipo maji baridi yanamiminwa kuziba nafasi zilizo kati ya chembe, yakikomea chini kidogo ya ukingo. Mchanganyiko ukikaa vizuri unakuwa mzito kama uji wa mtama, na barafu inafika hadi chini. Ikionekana imeanza kuelea na kuacha maji matupu kitakoni, maji ya ziada yanamwagwa na barafu inaongezwa. Inakorogwa, inaachwa dakika chache, inakorogwa tena.

Ile subira ya dakika chache ina kazi yake. Barafu iliyotoka friza sasa hivi haina nyuzi sifuri. Ina kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sababu ndivyo friza zilivyowekwa. Inaonekana nyeupe na kavu, na inanata kwenye vidole. Ikianza kung'aa na kulowa, ujue uso wake umefika mahali pa kuyeyuka. Mtahiniwa anayejua kazi huitazama barafu kabla ya kuitazama saa.

Hapa kuna jambo la chumvi. Mtu akitumia barafu iliyotoka kwenye sanduku la samaki, yenye maji ya bahari au chumvi iliyonyunyizwa, kipimo chote kimeharibika. Chumvi hushusha mahali pa kuyeyuka, na mchanganyiko wa barafu na chumvi nyingi unaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye pwani, ambako barafu ya wavuvi hupatikana kwa urahisi na wakati mwingine huazimwa na mahoteli siku mashine yao ikigoma, hilo si la kudharau. Madini ya kawaida ya maji ya bomba hayana madhara ya kuonekana kwenye chombo cha jikoni.

Sindano inaingizwa katikati ya bilauri, isiguse chini wala ubavuni. Kwenye kipimajoto cha mshale kuna kibonyeo kidogo kwenye sindano, sentimita tano au sita kutoka nchani. Sehemu yote kati ya ncha na kibonyeo hicho ndiyo inayohisi joto, na lazima izame yote. Ikizama nusu, nusu nyingine inapima hewa ya chumbani, na mshale unatoa wastani wa vitu viwili ambavyo hakuna aliyetaka kuvijua. Kile cha kidijitali kina kihisio kwenye ncha tu, hivyo hakidai kina kirefu namna hiyo, ingawa kukizamisha vizuri hakuleti hasara. Kisha ni kungoja sekunde 30 au zaidi, mpaka mshale au namba itulie kabisa, huku ukikoroga polepole.

Ikisoma kati ya 1 chini ya sifuri na 1 juu yake, kazi ya barafu imekwisha na chombo hakiguswi. Ikiwa imezidi hapo, kuna nati ya pembe sita chini ya uso wa saa. Inashikwa kwa spana ndogo, au kwa tundu la pembe sita lililo kwenye ala ya plastiki inayokuja na kipimajoto, halafu uso wa saa unazungushwa mpaka mshale uelekee sifuri. Sindano inabaki ndani ya barafu muda wote huo. Kosa linalowaponza wengi ni kukitoa kipimajoto ili wakizungushe kwa raha mbele ya macho yao. Kikitoka tu, mshale unaanza kupanda, na anayezungusha anafukuza kitu kinachokimbia.

Ukishaelewa barafu, unaelewa kwa nini wakaguzi wengi huipenda kuliko sufuria. Haichomi mtu, na haijali mji uko wapi. Jambo hili la pili aliliona Msweden Anders Celsius, yule ambaye jina lake tunalisoma kwenye kila kipimajoto. Katika maandishi yake ya 1742 alieleza kwamba barafu huyeyuka kwenye joto lilelile bila kujali mgandamizo wa hewa, ilhali maji yanayochemka hubadilika kadiri mgandamizo unavyopanda na kushuka. Yeye mwenyewe aliweka sifuri kwenye kuchemka na 100 kwenye barafu. Wenzake ndio walioigeuza baadaye, alipokuwa ameshafariki. Alichokigundua kuhusu mgandamizo ndicho kinachomfelisha mtahiniwa wa leo jijini Nairobi.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukuma hewa iliyoyalalia. Pwani, safu yote ya hewa iko juu ya sufuria, na maji yanahitaji nyuzi 100 kuishinda. Ukipanda milimani, sehemu ya hewa umeiacha chini, safu ni nyepesi zaidi, na maji yanaishinda mapema. Hesabu ya jikoni ni uzi mmoja kwa kila mita 300 za mwinuko. Wamarekani wana hesabu inayolingana na hiyo kwa vipimo vyao, uzi mmoja wa Farenhaiti kwa kila futi 550, kwa sababu nao wana Denver, mji ulioko mita 1,609 ambako maji hayafiki 95.

Nairobi iko karibu mita 1,800. Gawa kwa 300, unapata 6. Maji ya Nairobi yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, na hata uongeze moto namna gani hayapandi zaidi. Yanakauka tu haraka. Eldoret, iliyo mita 2,100 na ushei, huchemsha kwenye 93. Kampala na Dodoma ni karibu 96, Arusha ni 95 na kitu. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ndizo zinazoruhusiwa kusema 100. Wapishi waliohama pwani kwenda bara walishalijua hili bila kipimajoto, maana maharage yaliyokuwa yakiiva kwa muda fulani Mombasa yanamkawiza mtu Nyahururu mpaka anashuku mbegu.

Sasa tumchukue mtahiniwa mmoja wa Nairobi, aliyesoma vizuri kitabu chake. Kimeandikwa kwamba maji yanayochemka ni nyuzi 100, na jibu linalokubalika ni kati ya 99 na 101. Sufuria yake inatokota vizuri. Anachomeka kipimajoto, kinasoma 94. Kwa mujibu wa kitabu, kimepotoka kwa nyuzi 6. Anachukua spana, anazungusha mpaka 100, anatabasamu na kujaza fomu: "Kilisoma 94, kimerekebishwa, sasa 100."

Alichokifanya ni kukiharibu kipimajoto kizima. Kuanzia hapo kila kitu kitasomeka nyuzi 6 zaidi ya ukweli. Jioni anapima paja la kuku, nalo linasoma 74, joto ambalo kanuni nyingi zinalitaka kwa kuku. Anamtoa jikoni. Ukweli ni kwamba ndani ya paja mna nyuzi 68. Kwenye 68 vijidudu vya salmonela navyo hufa, lakini vinahitaji muda wa kutulia kwenye joto hilo, na 74 ilichaguliwa kwa sababu haihitaji kungojewa. Mpishi aliyeona 74 hangojei. Wali uliowekwa kwenye kabati la moto na kusomeka 60, joto la chini kabisa linalokubalika katika majiko mengi kwa chakula kinachosubiri wateja, kumbe uko 54, na 54 ni joto ambalo chakula hakipaswi kukaa kutwa nzima.

Uharibifu huu una njia ya kujitangaza, kwa anayesikiliza. Kipimajoto hichohicho kikiwekwa kwenye friji iliyo nyuzi 4 kitasoma 10. Fundi wa friji anaitwa, anaangalia gesi, anasafisha feni, anasema friji haina shida, analipwa na kuondoka. Kesho yake inasoma 10 tena. Jiko linalolalamikia friji zake zote siku moja, wakati nyama zake zote zinasomeka zimeiva mapema, lina tatizo moja tu, nalo limo kwenye mfuko wa juu wa shati la shefu.

Yule wa barafu chache tuliyemwacha nyuma amefanya kosa la upande wa pili. Alipunguza nyuzi 3 ambazo hazikuwa za kupunguzwa. Friji yake ya maziwa ikisoma 5, ndani mna 8, na hakuna anayeshtuka kwa sababu namba inapendeza. Kuku wake anaungua kabla kipimajoto hakijakubali kwamba ameiva. Kati ya hao wawili, wa pili atagunduliwa haraka zaidi na wateja, kwa ukavu wa nyama. Wa kwanza anaweza kwenda wiki nzima akisifiwa kwa kuku laini.

Ukiachilia mwinuko, njia ya sufuria ina adabu zake. Maji yawe mengi na ya kina, yatokote kwa nguvu mapovu yakipanda uso mzima, si yale mapovu madogo ya pembeni yanayoonekana maji yakiwa nyuzi 80 na kitu. Sindano isiguse kitako cha sufuria, maana chuma kilichokalia moto ni cha moto kuliko maji. Mvuke unaunguza mkono kabla mtu hajasoma namba, na ndiyo maana ala ya kipimajoto cha mshale mara nyingi ina tundu juu: sindano inapitishwa hapo na ala inakuwa mpini, mkono ukabaki pembeni. Lililo muhimu kuliko hayo yote ni kusoma kwanza mwisho wa kipimo kilichoandikwa kwenye uso wa saa. Kuna vipimajoto vya friji vinavyoishia 50 au 70. Kukitumbukiza kimoja cha hivyo kwenye maji yanayochemka ni kukiua, na mkaguzi mjanja huwa anakiweka kimoja mezani makusudi.

Swali linalofuata ndilo linalomtenga mtahiniwa aliyekariri na aliyeelewa: afanye nini endapo njia mbili hazikubaliani? Tuseme uko Nairobi, umetengeneza barafu ipasavyo, kipimajoto kinasoma sifuri kamili. Unakihamishia kwenye sufuria, unatarajia 94, kinasoma 91. Ukizungusha nati ili kisome 94, sifuri itakuwa 3. Ukirudisha sifuri, 94 itakuwa 91. Nati haiwezi kukuokoa, kwa sababu kazi yake ni kusogeza kipimo chote kwa pamoja, kushoto au kulia. Haiwezi kurefusha hatua kati ya namba na namba. Utepe wa ndani umechoka au umepinda, na hauhesabu tena kwa hatua zilizo sawa. Jibu linalopewa alama ni kukiweka kando, kukibandika karatasi ya "usitumie", na kuchukua kingine.

Ndiyo sababu vyuo vingine hutaka njia zote mbili hata pale barafu imeshatoa jibu zuri. Barafu inathibitisha ncha moja ya safari. Kuku anapimwa kwenye 74, ambapo ni mbali na sifuri na karibu na kuchemka. Kwa jiko linalopima zaidi vyakula vya baridi, saladi na maziwa na samaki wabichi, barafu inatosha kwa kazi ya kila siku. Kwa jiko la kuchoma nyama, kuruka sufuria kunaacha upande unaotumika zaidi bila shahidi. Mwandishi huyu angechagua kuanza na barafu popote alipo, akarekebishe hapo kama kuna haja, kisha atumie sufuria kwa kuhakiki tu bila kugusa nati. Anayefuata utaratibu huo, hata akisahau mwinuko wa mji wake, atapata walau mshtuko wa kumfanya afikiri: kipimajoto kilichosoma sifuri sawasawa kwenye barafu nzuri kinawezaje kukosea nyuzi 6 kwenye maji?

Vipimajoto vya kidijitali vimepunguza kazi ya spana na kuleta utata wao. Vingine vina kitufe cha kurekebisha: unakichomeka kwenye barafu, unabonyeza na kushikilia, chenyewe kinajiwekea sifuri. Hicho ndicho cha hatari kuliko vyote kwenye barafu mbovu, kwa sababu kinaamini chochote ulichokiwekea mbele, na hakuna mshale wa kukuonyesha ulisogea kiasi gani. Vingine havina marekebisho yoyote. Hivyo vikikosea kwa kiasi kidogo kilekile kila mara, majiko mengine hubandika tofauti hiyo kwenye mpini, kwa mfano "toa 1", na kuiandika kwenye daftari. Vikizidi hapo vinaachwa. Namba inayorukaruka bila kutulia mara nyingi ni betri inayokwisha, na hilo hutazamwa kabla ya kulaumu kihisio.

Jiko likitaka uhakika zaidi ya bilauri na sufuria, lipo tabaka la juu. Shirika la Viwango la Tanzania lina maabara ya ugezi, na lile la Kenya lina maabara zake za vipimo, ambako chombo hulinganishwa na kingine ambacho chenyewe kimeshalinganishwa na cha juu zaidi, na kikatolewa na cheti. Hoteli kubwa na viwanda vya chakula hupeleka huko kipimajoto kimoja kwa mwaka, hukifungia ofisini, na kuvipima vingine vyote vya jikoni kwa kuvilinganisha nacho ndani ya barafu ileile.

Kwenye meza ya mtihani, ya mwisho ni fomu. Ina safu za tarehe, namba ya kipimajoto, njia iliyotumika, namba iliyosomeka, hatua iliyochukuliwa na sahihi. Watahiniwa huandika namba ya baada ya marekebisho na kuisahau ile ya kabla. "Kabla ya kukigusa kilikuwa kinasoma ngapi?" mkaguzi anauliza. Wengi hawakumbuki, na hapo alama zinapotea, kwa sababu namba ya kabla ndiyo yenye kazi. Kama leo asubuhi kipimajoto kilisoma 4 kwenye barafu iliyotengenezwa vizuri, basi kuku wa jana waliotolewa wakisoma 74 walikuwa karibu na 70, na kuku waliosalia kwenye friji wanapaswa kutazamwa upya kabla ya kupelekwa mezani. Shefu anarudi nyuma kwenye daftari hadi siku ya mwisho kipimajoto kilipokutwa kizima. Jiko linalopima kila asubuhi linarudi siku moja. Jiko ambalo mara ya mwisho lilipima mwanzoni mwa mwezi lina orodha ndefu ya vyakula, vingi vyao vimeshaliwa, na meneja anayetaka kujua ni akina nani walikula.